Simu imezimwa mfukoni, je ni kosa? Tulivyoiandika upya kanuni ya udanganyifu

(Niliongea haya mbele ya wanafunzi na walimu wa chuo chetu hapa Tabora. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu palipojirudia.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, na nyie mliojazana mpaka mlangoni, wakubwa shikamoni, wengine mambo. Feni zimegoma tena kwaiyo naingia moja kwa moja.

Naanza na kesi. Nimeitunga, msianze kutafutana ni nani, ila msimamizi yeyote humu ndani ameshakutana na inayofanana nayo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakaa Isevya, pepa ni saa mbili asubuhi, boda imepata pancha njiani, anafika anahema, anakaa, anaanza kuandika. Nusu saa baadae msimamizi anaona mfuko wa suruali umetuna. Anamuuliza, kijana anatoa simu, imezimwa kabisa. Anasema mwalimu nilisahau. Sasa niambieni, amevunja kanuni au hajavunja? Na kama amevunja anafanywa nini?

(Hapa ukumbi ulilipuka. Upande wa kushoto wakasema disko, yani aondolewe masomoni. Katikati wakasema onyo. Waliokaa nyuma wakasema hana kosa, simu imezimwa bana.)

Mnaona. Ukumbi mmoja, majibu matatu, na wote mlisaini fomu siku ya usajili kwamba mmesoma kanuni na mmezielewa. Na siwalaumu, maana nikiwauliza walimu hapa mbele napata majibu matatu hayohayo. Bas kazi tuliyopewa sisi kamati ndogo ilikua ni hiyo, kuiandika kanuni mpaka mtu akiisoma jioni kabla ya pepa ajijibu mwenyewe: hiki ni kosa au sio, na kikitokea nini kinafuata.

Kifungu cha zamani nawasomea kwa Kiswahili, vuteni pumzi kwanza. "Mtahiniwa yeyote atakayekutwa na, au kutumia, au kujaribu kutumia, au kumsaidia mwingine kutumia nyenzo yoyote isiyoidhinishwa, au atakayejihusisha na udanganyifu wa aina yoyote, atahesabika kuwa ametenda kosa la kukiuka taratibu za mtihani, na matokeo yake ya mtihani yatafutwa, na anaweza kuondolewa masomoni au kupewa adhabu nyingine yoyote kadri itakavyoonekana inafaa."

Sentensi moja hiyo. Urefu wake unachosha lakini tatizo kubwa liko kwingine, liko kwenye kuchanganya kukutwa na kitu na kukitumia. Yule wa Isevya mwenye simu iliyozimwa, na yule aliyekua anapokea majibu kwenye saa ya mkononi kutoka kwa rafiki aliyeko hosteli, wote wameingia kwenye kapu moja na adhabu yao imeandikwa ileile. Alafu "nyenzo isiyoidhinishwa" ni ipi? Kifungu hakisemi, kinakupeleka kwenye maelekezo ya mtahiniwa, ukienda kule yanasema ni nyenzo yoyote ambayo haijaruhusiwa. Umezunguka umerudi ulipotoka. Na "itakavyoonekana inafaa", itaonekana na nani? Mkuu wa idara, kamati, Seneti? Sentensi imemficha anayeamua.

Kuna neno jingine pale dogo ila limeshaleta ugomvi, "matokeo yake ya mtihani". Nyie mkisema mtihani mnamaanisha nini? Pepa moja ya Jumanne, au UE nzima ya semesta? Kwa kanuni ya zamani unaweza ukasoma vyote viwili na wote mkawa sahihi. Tofauti yake ni kurudia somo moja au kupoteza semesta yenye masomo sita, saba. Kwenye drafti mpya tumeamua tutaandika "pepa" pale tunapomaanisha pepa moja, na "mitihani yote ya semesta" tukimaanisha yote. Kuna mzee mmoja kwenye kamati alikunja uso akasema pepa ni neno la vijiweni, tukamuuliza mzee wetu unataka neno gani ambalo mwaka wa kwanza hatolielewa vibaya, akacheka, likapita.

Sasa adhabu moja nzito kwa kila kitu ina madhara ambayo watu hawayaoni. Mnadhani inatisha kwaiyo inazuia. Kwa msimamizi inafanya kinyume chake. Anamkuta binti ana kikaratasi cha kozi nyingine kabisa, pepa ni ya takwimu, karatasi ina nondo za historia ya elimu, imebaki mfukoni tangu jana. Anajua akijaza fomu huyu binti anaweza kwenda disko. Roho inamuuma. Anachukua karatasi anaichana, anamwambia andika. Mwingine kwenye chumba cha pili anakuta kitu kilekile, yeye ni mtu wa sheria ni sheria, anajaza fomu. Wanafunzi wawili, tendo moja, mmoja hana hata rekodi na mwingine anapigania masomo yake. Kwaiyo ukitaka msimamizi aripoti kila tukio, mpe adhabu ndogo kwa tukio dogo. Hapo ndo tulipoanzia.

Tumegawa ngazi tatu, na kila ngazi kosa na matokeo yake vimekaa pamoja, hakuna cha kusema angalia jedwali la nyuma. Naisoma ya kwanza kama ilivyo kwenye drafti.

"Ukiwa na simu, saa janja, spika za masikioni au kifaa kingine chochote kinachoweza kutunza au kutuma taarifa, au ukiwa na karatasi yenye maandishi ambayo hukupewa na msimamizi, mwilini au mezani kwako, baada ya msimamizi kutangaza kwamba pepa imeanza, umevunja kanuni. Haijalishi kama kifaa kimezimwa. Haijalishi kama ulisahau. Kinachofuata: msimamizi anachukua kitu hicho, anajaza fomu ya tukio, na wewe unaendelea na pepa yako mpaka mwisho. Kama kamati haijakuta ushahidi kwamba ulikitumia au ulipanga kukitumia, utapewa onyo la maandishi na pepa yako itasahihishwa kama kawaida."

Wale wa nyuma mliosema hana kosa, mmesikia. Ni kosa. Na wale wa disko nao hapana. Ni onyo, na pepa inasahihishwa.

Mtauliza kwanini tusiseme tu kwamba aliyesahau hana kosa. Kwasababu kila mtu atasahau. Kusahau kuko kichwani kwa mtu, huwezi kukipima, ila simu mfukoni inaonekana. Kwaiyo kwa ngazi hii ya kwanza hatuulizi ulikua na nia gani, tunaangalia kitu kipo au hakipo, na kwasababu hatuulizi nia ndo maana adhabu haiwezi kuwa kubwa. Hivi viwili vinatembea pamoja. Huwezi kumfukuza mtu chuo alafu ukasema nia yake haituhusu.

Alafu kuna maneno pale, "baada ya msimamizi kutangaza kwamba pepa imeanza". Tumebishana sana juu ya hayo. Nyie mnatoka Ng'ambo, Cheyo, Ipuli, mnakuja na simu kwasababu mnaihitaji kurudi, na begi ukiliacha nje ya mlango mnajua wenyewe. Kanuni haiwezi kukukataza kuwa na simu alafu isiseme uiweke wapi. Kwaiyo drafti inamlazimisha msimamizi, nasema inamlazimisha, kabla karatasi za maswali hazijafunuliwa asome tangazo fupi: kama una simu au maandishi mwilini yalete mbele sasa hivi, ukileta sasa hivi hujavunja kanuni. Anapokea, anaweka kwenye bahasha, unaandika jina na namba ya usajili. Yule wa boda aliyechelewa, akiingia tangazo limeshapita, msimamizi anamsomea yeye peke yake mlangoni. Na kama msimamizi hakusoma tangazo? Hapo chuo kimevunja kanuni yake chenyewe na kosa la ngazi ya kwanza halitahesabiwa. Walimu wenzangu najua hamkupenda hapa, nimewaona.

Ngazi ya pili ni kutumia. Umefungua simu, umesoma kikaratasi, umeangalizia kwa jirani, umemwonyesha jirani, umebadilishana karatasi. Kinachofuata ni kwamba pepa hiyo inafutwa, hiyo moja, na utairudia mwaka unaofuata, sio kwenye sapu. Ngazi ya tatu ni udanganyifu wa kupangwa: kumtuma mtu akufanyie pepa, kupata maswali kabla, kupokea majibu kutoka nje, kumtishia au kumhonga msimamizi. Huko ndo kuna kuondolewa masomoni, na huko tu. Anayeamua ngazi ya kwanza na ya pili ni kamati ya mitihani, ya tatu kamati inapendekeza na Seneti inaamua. Imeandikwa hivyo, kwa majina ya vyombo.

(Dada mmoja katikati akanyoosha mkono. "Mwalimu, je kama mwenzangu ananiangalizia mimi na sijui, na mimi nimo?")

Haumo dada. Swali zuri sana na kanuni ya zamani ilikua haina jibu lake. Tumeandika wazi, aliyeangaliziwa bila kujua hana kosa, na sio kazi yake kuthibitisha kwamba hakujua, kamati ndo ithibitishe kwamba alijua. Vilevile kikaratasi kikikutwa chini ya kiti chako, au chooni baada ya wewe kutoka, kukutwa karibu yako tu hakutoshi, lazima kuwe na kitu kinachokiunganisha na wewe, mwandiko wako, msimamizi aliyekuona ukikidondosha, kitu kama hicho.

Turudi kwa kijana wetu wa Isevya tumalize kesi yake. Alifika tangazo limepita na hakusomewa mlangoni? Ameshapona, kosa halihesabiwi. Tuseme alisomewa. Msimamizi anachukua simu, haifungui. Narudia kwa walimu, haifungui, haipekui picha wala meseji. Simu ya mtu ina mambo yake mengi na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tusijitafutie kesi. Simu inaingia kwenye bahasha, inafungwa, kijana anasaini juu ya mfungo na msimamizi anasaini. Kijana anarudi kwenye pepa na, hili nalo tumeliongeza, dakika zilizotumika kujaza fomu anafidiwa mwishoni. Ndani ya siku 7 anapata barua inayosema anatuhumiwa kifungu gani, kwa tukio gani, na ushahidi upi upo, akiwa na nakala ya fomu. Siku ya kikao anaweza kuja na mwanafunzi mwenzake au mwalimu. Kamati ikitaka kuona simu yeye mwenyewe anaifungua mbele yao na anaonyesha kinachohusu muda wa pepa tu. Akikataa hilo sio kosa jipya, ila kamati itaamua kwa ushahidi mwingine iliokua nao. Kwenye kesi hii simu ilizimwa kabla ya saa mbili, hamna kitu, anapata onyo, kesi imeisha.

Haya ya kusikilizwa sio huruma yetu. Katiba ibara ya 13(6)(a) inataka mtu asikilizwe kikamilifu na awe na nafasi ya kukata rufaa, na chuo kikikosea hapo mnajua Mahakama Kuu iko hapahapa mjini. Wakiomba mapitio, na maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi 6, mahakama haitakuja kusahihisha pepa yako, itauliza chuo kilifuata kanuni zake au hakikufuata. Ndo maana walimu wengine waliogopa kuandika wazi wakasema tunajifunga. Ndio, tunajifunga. Maneno ya "kadri itakavyoonekana inafaa" ndo yalikua yanatuponza zaidi, maana ukiulizwa kwanini huyu disko na yule onyo huna pa kushika.

Kuna kitu tulichojifunza tulipoijaribu drafti. Hatukuwauliza wanafunzi mmeelewa? maana ukiuliza hivyo kila mtu anasema ndio mwalimu. Tuliwapa visa vifupi kama cha leo, wakiwa na kanuni mkononi, tukawaambia semeni ni kosa gani, nani anaamua, na kibaya kabisa kinachoweza kumpata ni nini, na mtuonyeshe mstari mliosoma. Hapo ndo inaonekana. Wengi waliamini ukikataa kusaini fomu ya tukio kesi inakufa. Wengine waliamini ukisaini umekiri. Yote mawili sio kweli na kanuni ilikua kimya, kwaiyo sasa juu kabisa ya fomu pameandikwa: saini yako inaonyesha kwamba umeiona fomu hii, haimaanishi umekubali kosa, na ukikataa msimamizi ataandika umekataa na shahidi wa pili atasaini. Kisa kingine kilichotushinda ni "pepa inafutwa". Wakasoma wakasema si ni sifuri tu alafu unapiga sapu. Ndo tukaongeza yale maneno "utairudia mwaka unaofuata, sio kwenye sapu". Maneno machache hayo ila bila kuwajaribu tusingejua.

Pia waliogopa mifano. Tumeweka mifano chini ya kila kosa, na mwanafunzi mmoja mjanja akasema kwaiyo ambacho hakipo kwenye mifano kinaruhusiwa, akatutajia kuandika kwenye paja. Hapo lazima kuwe na kifungu cha kuzoa, huwezi kutaja kila kitu duniani. Ila tumekibana: tendo lisilotajwa linahesabika kosa kama tu linakupa faida ambayo wenzako chumbani hawana na ulijua hivyo, na adhabu yake haiwezi kuzidi ngazi ya pili. Kuandika kwenye paja kumeingia bila shida, pole yake.

Kuhusu asaimenti na riseachi nitapita haraka maana zina kikao chake. Nisemee moja tu, ile ya asilimia. Kuna waliotaka kuandika kwamba Turnitin ikizidi asilimia 20 ni wizi wa maandishi. Tumekataa. Ile namba inahesabu maneno yanayofanana na maandishi mengine, haijui nani kaiba. Riseachi ina asilimia 30 kwasababu ya orodha ya marejeo, nukuu zilizofungwa vizuri na kichwa cha fomu ya chuo, haina kosa. Nyingine ina asilimia 8 na hiyo 8 yote ni kurasa mbili za mtu mwingine zimenyofolewa nzima bila kumtaja. Ukiandika namba kwenye kanuni unamwachia huyu wa pili na unamkamata wa kwanza, na watu wanaanza kubadilisha maneno ili namba ishuke badala ya kutaja chanzo. Kwaiyo ripoti inamwambia mwalimu aangalie wapi, alafu mwalimu asome mwenyewe aandike ni aya ipi imetoka wapi. Bila hivyo hakuna shtaka.

Na wenye kesi zilizoanza kabla kanuni hii haijapita, msiogope. Katiba 13(6)(c) inakataza kumwadhibu mtu kwa adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo alipotenda kosa. Sisi tumeongeza upande wa pili, kama adhabu mpya ni nafuu utapewa hiyo mpya.

Lililobaki halijaamuliwa, na nataka mlipeleke madarasani mjadiliane kabla drafti haijaenda Seneti. Mtu akipewa onyo la simu mwaka wa kwanza, akasahau tena mwaka wa tatu, hiyo ya pili tuihesabu vipi? Wapo wanaosema onyo lidumu mpaka ahitimu, mara ya pili pepa inafutwa moja kwa moja. Mimi siko huko, naona onyo life baada ya mwaka mmoja wa masomo, kwasababu tumeshasema ngazi hii haiulizi nia, na ukifuta pepa ya mtu kwa kusahau mara mbili ndani ya miaka mitatu unakua umerudisha adhabu nzito kupitia mlango wa nyuma. Walimu wa upande ule wanasema nikiruhusu hivyo kila mtu anapata onyo moja la bure kila mwaka. Wana hoja, sijapata jibu lake lote. Andikeni maoni mkampe katibu wa serikali ya wanafunzi, na tafadhali mkiandika semeni ni mstari upi mnataka ubadilike na usomekeje, "iboreshwe" hatuwezi kuifanyia kazi.